Kahawa ya kuloweka: saa 18 ndani ya friji, siku 7 ndani ya chupa

Maelekezo mengi ya kahawa ya kuloweka kwa maji baridi yana agizo moja linalofanana: changanya kahawa na maji, funika, acha mezani katika joto la chumba kwa saa 12 hadi 24. Chumba kinachokusudiwa kina nyuzi 20 au 21 za Selsiasi. Jikoni mwa mkahawa wa Dar es Salaam mwezi Februari, oveni ikiwa imewaka tangu alfajiri, kipimajoto husoma 30 na zaidi, na usiku hakishuki sana. Mombasa na Unguja hali ni hiyo hiyo. Anayefuata agizo lile neno kwa neno akiwa pwani anapika kitu kingine kabisa, na madhara yake huonekana kwenye ladha kabla ya kuonekana kwenye tumbo la mteja.

Kahawa hii si ngeni duniani. Wajapani wana desturi ya zamani ya kuidondosha kwa maji baridi, tone baada ya tone. Mwaka 1964 Mmarekani Todd Simpson, aliyesomea uhandisi wa kemia, alibuni chombo cha kulowekea kahawa kinachouzwa hadi leo kwa jina la Toddy. Lakini iliyoifanya ienee mikahawani ni kampuni ya Starbucks, ilipoanza mwaka 2015 kuiuza katika maduka yake ya Marekani, kahawa ikiwa imelowekwa kwa saa 20. Baada ya hapo ikawa kinywaji ambacho mgeni anayeshuka Masaki au Nyali anatarajia kukikuta kwenye orodha, na mwenye mkahawa akalazimika kujifunza kuitengeneza kwa ndoo badala ya kikombe.

Tofauti kubwa kati yake na kahawa nyingine zote ni kwamba katika safari nzima hakuna mahali panapochemka. Muuza kahawa wa Kariakoo au Mji Mkongwe huweka dele lake la shaba juu ya makaa kuanzia jioni hadi usiku. Kahawa yake ni ya moto muda wote, na vijidudu vilivyoingia na maji au kikombe havipati nafasi ya kuzaliana ndani ya dele. Mashine ya espreso nayo hupitisha maji ya nyuzi 90 na ushei. Kahawa ya kuloweka haina kinga hiyo. Punje zenyewe hutoka kwenye kikaango zikiwa safi, kwa kuwa kukaanga hufika nyuzi 200 au zaidi, lakini baada ya hapo hupita kwenye kisagio, kwenye mikono, kwenye ndoo na kwenye maji. Chochote kitakachoingia humo kitakaa na kahawa hiyo tangu siku ya kulowekwa hadi siku ya kunywewa.

Kwa sababu hiyo kazi inaanza na maji. Maji ya bomba yachemshwe, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yawekwe kwenye friji usiku mmoja kabla ya kukutana na kahawa. Maji ya madumu yaliyofungwa kiwandani yanafaa pia, mradi yapoozwe kwanza. Jambo hili la kupooza mapema hupuuzwa sana. Ndoo yenye lita 5 za maji ya nyuzi 30 ikiingizwa kwenye friji haipoi kwa saa moja wala mbili. Ujazo mkubwa hivyo, tena umechanganyika na kahawa iliyosagwa, unaweza kuchukua nusu siku kushuka chini ya nyuzi 5, na muda wote huo kinywaji kiko katika joto ambalo bakteria hulipenda. Maji yakiingia yakiwa tayari na nyuzi 4, tatizo hilo halipo.

Tuchukue mfano wa mkahawa mdogo unaouza glasi 35 hivi za kahawa baridi mwishoni mwa wiki. Mahitaji yake ni kilo 1 ya kahawa na lita 5 za maji, yaani uwiano wa 1 kwa 5 kwa uzito. Vyote vipimwe kwa mizani. Kijiko na kikombe havifai hapa, kwa sababu kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi na kubwa kuliko iliyokaangwa kidogo, na kikombe kile kile kitatoa vipimo viwili tofauti. Chombo kiwe cha chuma cha pua au plastiki ya chakula, cha lita 10, ili kubaki na nafasi ya kukoroga. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au sabuni ya unga isitumike hata ikioshwa mara ngapi. Harufu hujificha ndani ya plastiki na kahawa huivuta.

Kahawa isagwe iwe ya chenga, kila chembe ikilingana na punje ya chumvi ya mawe. Ikisagwa laini kama ya espreso, mambo mawili hutokea: kuchuja kunageuka kuwa kazi ya saa nzima kwa sababu unga huziba kitambaa, na kile kidogo kinachopenya hubaki ndani ya chupa kikiendelea kutoa uchungu siku baada ya siku. Mteja wa Ijumaa atakunywa kahawa nzuri, na wa Jumatatu atakunywa kitu chenye ukakasi na tope chini ya glasi, ingawa vyote vimetoka kwenye ndoo moja.

Kahawa ikishaingia, maji yamiminwe taratibu kwa kuzungusha, kisha kukorogwe kwa mwiko mrefu mpaka pasiwe na bonge kavu. Kahawa iliyokaangwa karibuni huwa na hewa ndani yake na hupenda kuelea. Juu panaweza kuonekana pamelowa, kumbe chini ya tabaka hilo kuna unga mkavu ambao hautatoa chochote hadi kesho. Baada ya dakika 10 ikorogwe mara nyingine, ifunikwe, iingie kwenye friji.

Ikae saa ngapi? Hapa wengi huamini kwamba kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa kali. Utafiti wa Megan Fuller na Niny Rao wa Filadelfia, uliochapishwa mwaka 2017, ulipima kafeini na asidi za klorojeni katika kahawa iliyolowekwa kwa joto la chumba, ukakuta kwamba baada ya dakika 400 hivi, yaani chini kidogo ya saa 7, vipimo vilikuwa vimetulia. Saa zilizofuata hazikuongeza kitu cha maana katika viambato hivyo. Ladha ina mambo mengi kuliko viambato viwili, na ndani ya friji kila kitu kinakwenda polepole zaidi, hivyo saa 7 zisichukuliwe kama kanuni ya friji. Lakini matokeo hayo yanatosha kumzuia mtu asiache ndoo kwa siku mbili akitumaini kahawa kali zaidi. Anayetaka ukali aongeze kahawa, asiongeze saa.

Kwa friji ya nyuzi 4, saa 18 zinafanya kazi vizuri, na zinaingia kwenye ratiba ya mkahawa bila kumwamsha mtu usiku. Kahawa inalowekwa Alhamisi saa 10 alasiri, wateja wa mchana wakiwa wamepungua, na inachujwa Ijumaa saa 4 asubuhi, baada ya msongamano wa kifungua kinywa. Kahawa iliyokaangwa nyeusi inaweza kutolewa kwa saa 14 au 15, kwa kuwa inaachia haraka na uchungu wake uko karibu. Iliyokaangwa kidogo inavumilia hadi saa 20. Njia ya kujua ni kuonja kijiko kimoja kilichochanganywa na maji: ikiwa nyepesi na yenye uchachu unaokatika ghafla, bado, ikiacha ukavu kwenye ulimi mithili ya chai iliyosahauliwa jikoni, imepita.

Kuchuja ni hatua mbili. Kwanza kahawa yote humiminwa kwenye mfuko wa kitambaa au chujio la matundu, ikaachwa idondoke yenyewe kwa nusu saa hivi. Kisha kilichopatikana hupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia ili kuondoa vumbi lililobaki. Machicha yasikamuliwe. Mkono uliozoea kukamua nazi hutamani kubana mfuko hadi tone la mwisho, lakini katika kahawa tone hilo ndilo lenye tope na ukakasi. Kila gramu ya kahawa hubakia na takriban gramu mbili za maji, kwa hiyo kilo 1 humeza karibu lita 2, na katika lita 5 zilizoingia hutoka lita 3 tu. Anayepanga hesabu ya glasi kwa kutazama maji aliyomimina atapungukiwa kila wiki bila kuelewa kwa nini.

Lita 3 hizo si kinywaji bado. Ni kahawa nzito inayohitaji kuzimuliwa. Kwa glasi ya mililita 350, kipimo kinachofaa hali ya joto la pwani ni mililita 80 za kahawa nzito, mililita 120 za maji baridi, na gramu 150 za barafu. Uwiano huo wa sehemu 1 kwa 1 na nusu huifanya kahawa ianze ikiwa na nguvu kuliko kahawa ya kawaida ya kuchuja. Hilo ni la makusudi. Mteja aliyekaa barazani saa 8 mchana atakunywa kwa dakika 20, na kufikia katikati ya glasi nusu ya barafu itakuwa imeshayeyuka. Kahawa iliyoanza na nguvu sawasawa itamalizika ikiwa maji yenye rangi; iliyoanza na ziada kidogo humalizika ikiwa bado ni kahawa. Ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, mililita 70 zinatosha.

Kwa mililita 80 kila glasi, lita 3 hutoa glasi 37. Kilo ya kahawa ikinunuliwa, tuseme, kwa shilingi 40,000, kahawa peke yake inagharimu shilingi 1,080 kwa glasi, kabla ya barafu, umeme, shira na mshahara. Ni gharama kubwa kuliko espreso moja, maana kila glasi imekula gramu 27 za kahawa. Wenye mikahawa wanaoiuza kwa bei ya kahawa ya maziwa kwa sababu tu haikupita kwenye mashine wanajiumiza.

Kuna hesabu nyingine inayostahili kubandikwa ukutani karibu na friji. Kahawa nzito ya uwiano huu, ikiwa ni ya arabika, inakaribia gramu 2.3 za kafeini kwa lita. Glasi iliyozimuliwa vizuri ina miligramu 180 hivi. Mhudumu mgeni akidhani chupa ile ni kinywaji kamili na kumjazia mteja mililita 200, amempa zaidi ya miligramu 450 kwa mara moja, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya inaweka miligramu 400 kuwa kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima, na 200 kwa mjamzito. Ndiyo maana chupa iandikwe kwa herufi kubwa KAHAWA NZITO, ZIMUA KWANZA, na ikae rafu tofauti na vinywaji vilivyo tayari. Mjamzito anayeuliza anastahili kuambiwa kwamba glasi moja inakaribia kumaliza kiwango chake.

Sasa maisha ya kahawa hii chupani. Watengenezaji wa vyombo vya kulowekea hutaja wiki mbili kwa kahawa nzito iliyo kwenye friji, na kwa ladha hilo si uongo mkubwa, ingawa baada ya siku 7 au 8 harufu yake hufifia na ladha ya ubao ulioloa huanza kujitokeza, kwa sababu ya oksijeni. Kwa usalama, kipimo kizuri ni kile cha kanuni za chakula za Marekani kwa vyakula vilivyo tayari kuliwa vinavyohitaji baridi: siku 7 katika nyuzi 5 au chini yake, siku ya kutengeneza ikihesabiwa kuwa ya kwanza. Kwa mkahawa wa pwani unaokatikiwa umeme, siku 7 zinatosha kabisa, na zihesabiwe tangu maji yalipogusa kahawa, si tangu ilipochujwa. Ikishazimuliwa kwa maji, siku 2 au 3. Ikishatiwa maziwa, siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi, na kipimajoto cha shilingi chache kilichowekwa katikati ya rafu kitaeleza hali halisi pindi umeme utakaporudi. Ikisoma juu ya 5 na hakuna anayejua tangu saa ngapi, kahawa imwagwe. Kilo moja ya kahawa inauma, lakini ni moja.

Dalili za kuharibika zinajulikana: mfuniko unaotoa mlio wa hewa ukifunguliwa, mapovu madogo yanayopanda kando ya chupa, utando juu, harufu ya siki. Hizo ni kazi za hamira na bakteria wa kawaida, na mara nyingi chanzo ni mfuko wa kitambaa uliooshwa haraka na kuanikwa jikoni ukiwa bado na machicha kwenye mishono. Mfuko uchemshwe dakika 10 bila sabuni ya manukato, ukauke juani, au utunzwe kwenye friza.

Iko hatari nyingine isiyo na harufu. Mwezi Septemba 2017 kampuni ya Death Wish Coffee ya jimbo la New York iliyaondoa sokoni makopo yake ya kahawa baridi yenye nitrojeni, baada ya kubainika kwamba utengenezaji wake ungeweza kuruhusu bakteria wa botulini kuota na kutoa sumu. Hakuna mgonjwa aliyeripotiwa, lakini sababu za wasiwasi zilikuwa za kisayansi. Kahawa ina pH ya 5 hivi, wakati bakteria huyo huzuiwa na uchachu wa pH 4.6 kushuka chini. Kopo lililofungwa halina oksijeni, na ukosefu wa oksijeni ndio unaompa nafasi. Likikosa baridi, mazingira yake yametimia.

Somo hilo linawagusa moja kwa moja wajasiriamali wanaojaza kahawa kwenye chupa nzuri, wakazibana vizibo na kuzipanga kwenye rafu ya dukani au kuzipeleka kwa bodaboda bila barafu. Kuchemsha chupa na kuziba kwa nguvu hakusaidii. Mbegu za bakteria huyu hustahimili maji yanayochemka, na kizibo kigumu humtengenezea mahali pasipo hewa. Kuuza chupa zinazokaa nje ya friji kunahitaji kiwanda chenye mtambo wa joto la shinikizo na mtaalamu wa usindikaji. Mkahawa uuze zilizotoka kwenye friji, zenye tarehe, za kunywewa siku hiyo au kuhifadhiwa kwenye baridi.

Si kila kahawa inanufaika na kulowekwa. Maji baridi hutuliza uchachu, na kahawa za Kenya za aina ya SL28, au za miteremko ya Kilimanjaro zilizooshwa vizuri, hununuliwa ghali kwa sababu ya uchachu huo huo wenye harufu ya matunda. Kuzizamisha saa 18 ni kuzizima. Zinafaa zaidi kwa njia ya Kijapani: kahawa gramu 60 kwenye karatasi ya kuchujia, maji ya moto gramu 600 yakimiminwa juu yake, na chini gramu 400 za barafu zikiipoza papo hapo. Harufu hunaswa kabla haijapotea. Ubaya wake ni kwamba haihifadhiki. Kufikia jioni imeshapooza ladha. Ndoo ya kuloweka iachiwe kahawa zenye mwelekeo wa chokoleti na karanga, zilizokaangwa wastani. Robusta ya Kagera kidogo, sehemu 1 katika 5, huipa uzito kahawa itakayotiwa maziwa.

Vinywaji vingine vya kutengeneza kwa wingi ni vyepesi kwa kulinganisha. Rozela ina uchachu mkali unaowazuia bakteria wengi, na ikichemshwa, kuchujwa na kupoozwa haraka hukaa kwenye friji siku 4 au 5 bila shida. Chai ya barafu inadanganya zaidi, maana watu huiona ni maji tu. Njia iliyo salama ni kuipika kwa maji yanayochemka, kuipoza haraka na kuimaliza siku hiyo. Ile ya kuweka majani kwenye jagi juani kwa saa nne iachwe kabisa. Shira ya sukari na maji kwa uzito sawa hudumu wiki 2 au 3 kwenye friji, ikitiwa hiliki au mdalasini ipunguziwe hadi wiki 1, kwa kuwa vipande vya viungo hubeba ukungu. Sukari yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye kahawa ya baridi, kwa hiyo shira si anasa.

Barafu nayo ni chakula. Itengenezwe kwa maji yale yale yaliyochemshwa, ichotwe kwa koleo na si kwa glasi, na isikae friza moja na samaki. Mikahawa inayopata masalio ya kahawa siku ya sita inaweza kuizimua, kuigandisha kwenye vibweta vya barafu na kuitumia ndani ya mwezi mmoja: glasi ya maziwa baridi juu ya barafu ya kahawa huzidi kukolea kadiri inavyoyeyuka, na hilo ndilo agizo ambalo wateja wa mchana hulirudia.